Kuisoma Kalenda ya Mji wa Mimba Chini ya Hadubini

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vijana wanaoanza kazi katika maabara ya patholojia ni hili: wanautazama utando wa ndani wa mji wa mimba kana kwamba ni tishu iliyotulia, kama ngozi au ini. Utando huu hautulii. Kinyama kilichochukuliwa leo na kingine kilichochukuliwa kwa mama huyo huyo siku kumi baadaye vinaweza kutofautiana hata ukadhani vimetoka kwa watu wawili, mmoja mzima na mwingine mgonjwa. Kumbe vyote viwili ni vya mwili mzima, ila siku si moja.

Kosa hilo lina historia ndefu. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya walipoona tezi zilizojikunja na kujaa ute waliandika kwamba utando una maradhi. Mwaka 1908, madaktari wawili wa Viena, Fritz Hitschmann na Ludwig Adler, walivipanga vinyama kwa kufuata siku za hedhi za wanawake waliotoa vinyama hivyo, wakaonyesha kwamba mengi yaliyoitwa maradhi ni hatua za kawaida za mwezi. Mwaka 1950, Wamarekani watatu, Robert Noyes, Arthur Hertig na John Rock, waliandika makala iliyoeleza dalili za utando siku kwa siku baada ya yai kutoka. Mpangilio wao ndio tunaoutumia mpaka leo.

Makala hii nawaandikia wanafunzi wa udaktari na wa maabara, na pia madaktari na wauguzi wanaochukua vinyama hivi na kuvituma kwetu. Ninataka mshike jambo moja: utando huu huhesabu siku zake tangu yai lilipotoka, si tangu hedhi ilipoanza. Wiki ya kwanza baada ya yai kutoka hesabu hiyo huandikwa kwenye tezi. Wiki ya pili huandikwa kwenye stroma, yaani tishu laini inayozishika tezi. Ukijua pa kutazama kwa wakati wake, slaidi haikusumbui.

Kabla ya kutaja siku, jua umeshika nini

Utando una matabaka mawili. La juu hukua, hubadilika na kumwagika kila mwezi. La chini limekaa juu ya misuli, halimwagiki, na haliitikii homoni kama la juu. Mfano wake ni mgomba: shina hukatwa, lakini tunguu lililo ardhini hubaki na kuchipua tena. Tabaka la chini ndilo tunguu, na baada ya hedhi ndilo linalootesha utando mpya.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya slaidi ni hili: nimepata tabaka la juu? Alama ya uhakika ni ngozi ya juu ya utando, mstari wa seli ndefu zinazopakana na uwazi wa mji wa mimba, ukiwa bado umeshikana na stroma iliyo chini yake. Ukiuona, umeshika mahali panapofaa. Usipouona, uwe mwangalifu. Tabaka la chini lina stroma nzito yenye seli zilizobanana, mishipa yenye kuta nene, na tezi zisizotoa ute. Lina sura hiyo siku ya 5 na siku ya 25 ya mzunguko vilevile. Anayelisoma kama tabaka la juu ataandika kwamba yai halikutoka, wakati yai lilitoka na tabaka la juu ndilo halikuingia kwenye mrija wa kuchukulia kinyama.

Sehemu ya chini ya mji wa mimba, karibu na mlango wa kizazi, nayo hudanganya. Huko stroma ina nyuzinyuzi nyingi, tezi ni chache, na mwitikio wa homoni ni hafifu. Kipande cha huko hakifai kutajiwa siku. Anayechukua kinyama aupeleke mrija hadi sehemu ya juu ya mji wa mimba, asiishie mlangoni.

Halafu kuna maandalizi. Utando huu ni laini sana, na ukikaa hewani huanza kuoza haraka. Uingie kwenye formalini ya asilimia 10 mara tu unapotoka, na formalini iwe nyingi, walau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kinyama kilichocheleweshwa huvimba, viini vyake hufifia, na stroma huonekana imelegea. Kulegea huko msomaji anaweza kukudhania ni maji ya siku ya 8, ambayo tutayafikia. Vipande vikatwe vyembamba, maikromita 3 hadi 4, kwa sababu kipande kinene huziweka seli juu ya seli, na safu moja ya viini ikaonekana kama tatu. Rangi za kawaida za hematoksilini na eosini zinatosha kwa karibu kila kitu nitakachokieleza.

Nusu ya kwanza: usilazimishe tarehe

Hedhi ikikoma, utando umebaki mwembamba, kama milimita 1 hivi. Estrojeni kutoka kwenye ovari huuamsha, na kazi yake kubwa ni kuzidisha seli. Mwanzoni tezi ni chache, nyembamba, zimenyooka kama mirija midogo iliyosimamishwa. Kadiri siku zinavyosogea huwa ndefu kuliko nafasi zilizopewa, zikaanza kupinda. Viini vyake ni virefu na vimepangika kwa vimo tofauti, hata seli zikaonekana kama zimepandana, ingawa kila moja inagusa chini.

Alama ya nusu hii ni seli zinazogawanyika. Ziko kwenye tezi na ziko kwenye stroma, na huna haja ya kuzitafuta kwa tochi. Ndani ya tezi hakuna ute wa maana. Ukiona tezi za mviringo zilizotawanyika kwa nafasi zinazolingana, viini vilivyopandana, na seli zinazogawanyika huku na huku, hiyo ni hatua ya ukuaji.

Ushauri wangu ni kwamba uishie hapo. Vitabu huigawa hatua hii kuwa ya mapema, ya kati na ya mwisho, lakini mipaka yake haishikiki kwa siku. Isitoshe, urefu wa nusu hii hutofautiana sana. Mama mwenye mzunguko wa siku 26 na mwenye mzunguko wa siku 36 hupishana hasa hapa, kwenye muda yai linaochukua kupevuka. Andika "hatua ya ukuaji" na uwe na amani. Daktari aliyekutumia kinyama anataka kujua kama yai limetoka au bado, na jibu hilo umeshampa.

Wiki ya kwanza baada ya yai kutoka: soma tezi

Yai likitoka, kifuko kilicholibeba hugeuka na kuanza kutoa projesteroni. Homoni hii huzuia seli za tezi zisiendelee kugawanyika na kuzigeuza kuwa seli za kutengeneza ute. Lakini jambo hilo halionekani papo hapo. Kwa saa 36 hivi za mwanzo slaidi hukaa kama ilivyokuwa. Kwa hiyo aliyetoa yai jana hawezi kutambuliwa kwa hadubini, hata msomaji awe hodari namna gani.

Siku ya 2 kitu cha kwanza hujitokeza: viputo vyeupe chini ya viini vya tezi. Ndani ya viputo hivyo mlikuwa na glaikojeni, ile sukari ya akiba. Maandalizi ya slaidi huiondoa, na nafasi yake hubaki wazi. Siku hiyo viputo ni vya hapa na pale, na bado kuna seli zinazogawanyika.

Siku ya 3 ndiyo siku rahisi kuliko zote. Karibu kila seli ya tezi ina kiputo chini ya kiini, na viini vyote vimesukumwa juu vikakaa kwenye mstari mmoja, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ukiiona mara moja hutaisahau.

Siku ya 4 viputo vimeanza kupanda na kupita pembeni ya viini. Vingine viko juu, vingine bado viko chini, na ute wa kwanza umeanza kumwagika ndani ya tezi. Siku ya 5 viputo ni vichache tena na viini vimerudi chini. Siku ya 6 ute umejaa ndani ya tezi, na kingo za seli upande wa uwazi zimechanika, hazina tena ule mstari safi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Siku ya 2 na siku ya 5 zinafanana, kwa kuwa zote zina viputo vya hapa na pale. Tofauti zake ni mbili. Siku ya 2 tezi hazina ute na seli bado zinagawanyika. Siku ya 5 ute upo ndani ya tezi, na seli za tezi zinazogawanyika huzioni tena. Kwa hiyo usihesabu viputo peke yake. Tazama ute na mgawanyiko wa seli kwa pamoja.

Mtego wa pili una madhara zaidi. Viputo vichache katika tezi mbili tatu si ushahidi kwamba yai limetoka. Estrojeni peke yake, ikidumu muda mrefu, inaweza kuvitoa vya namna hiyo. Kanuni inayotumika ni kwamba walau nusu ya tezi ziwe na viputo chini ya viini ndipo useme projesteroni imefanya kazi. Ukiona pungufu ya hapo, andika unachokiona, wala usimwambie mama kwamba yai lake limetoka.

Wiki ya pili: achana na tezi, soma stroma

Baada ya siku ya 6 tezi hazina jipya la kukuambia. Zitaendelea kujikunja mpaka kingo zake zifanane na meno ya msumeno, ute wake utakauka, lakini huwezi kuitenganisha siku ya 9 na ya 11 kwa tezi. Hamishia macho kwenye stroma.

Siku ya 7 stroma huanza kuingiwa na maji, na siku ya 8 maji hayo hufikia kilele. Seli zimeachana, na viini vyake vinaonekana kama vimetupwa uchi kwenye nafasi nyeupe. Huu ndio wakati ambao, kama mimba imetungwa, kiinitete hutafuta pa kujishika.

Siku ya 9 tazama mishipa. Vijiateri vya utando huu vimejisokota kama uzi wa parafujo. Kisu cha mashine kinapopita kwenye mshipa uliojisokota huukata mara kadhaa, na kwenye slaidi mshipa mmoja huonekana kama kishada cha matundu madogo yaliyokaa pamoja. Kuzunguka kishada hicho seli za stroma zimenenepa, zimepata utomvu mwingi wa rangi ya waridi na viini vya mviringo. Hii ndiyo desidua ya awali, maandalizi ya kupokea mimba.

Kuanzia hapo desidua hutanuka kwa utaratibu unaofuatika. Siku ya 10 imezizingira ateri kwa unene unaoonekana wazi. Siku ya 11 imejitokeza pia chini ya ngozi ya juu ya utando. Siku ya 12 maeneo hayo yanaanza kukutana, na siku ya 13 yameungana kuwa tandiko moja. Siku ya 14, kama mimba haikutungwa, damu inaonekana ndani ya stroma na utando unaanza kubomoka.

Katika siku hizo za mwisho utaona pia seli ndogo nyingi zilizosambaa ndani ya stroma, zenye viini vilivyobonyea. Kijana anayeanza hushtuka na kuandika kwamba kuna maambukizi. Hizo ni limfosaiti za kawaida za mji wa mimba, na huongezeka kila mwezi kabla ya hedhi. Ushahidi wa uvimbe sugu wa utando ni seli za plazima, zenye kiini kilichokaa pembeni na kromatini iliyopangika kama saa ya ukutani. Usipoziona hizo, usiandike maambukizi kwa sababu ya wingi wa limfosaiti tu. Kufanya hivyo ni kurudi nyuma ya mwaka 1908.

Hedhi yenyewe

Kwa nini utando unabomoka? Mwaka 1940, J. E. Markee alieleza alichokiona baada ya kupandikiza vipande vya utando ndani ya jicho la nyani aina ya rhesasi, mahali ambapo angeweza kuvitazama vikiwa hai. Projesteroni inaposhuka utando hunywea, vijiateri hujisokota zaidi na kubana, tishu inakosa damu, kisha mishipa inafunguka na damu inatoka.

Kwenye slaidi utaona stroma iliyokatika vipandevipande na kujikunyata kuwa mabonge meusi yaliyobanana, yakiwa yamefunikwa na seli za juu, na damu na fibrini kila mahali. Mabonge hayo huwatisha watu. Seli zake zimeshikamana, viini vyake vimekolea rangi, na mtu mwenye haraka anaweza kuyaita saratani. Kinga yake ni kutafuta tezi zilizosalimika pembeni. Ukiona tezi za meno ya msumeno zilizochoka, zenye mabaki ya ute, na desidua karibu yake, ujue ni hedhi. Tishu iliyobomoka isitajiwe siku wala isitumike kuamua jambo zito. Ukibaki na shaka, omba kinyama kingine baada ya hedhi kukoma.

Lakini tezi zinazozunguka mabonge hayo zikiwa za hatua ya ukuaji, zimenyooka, hazina ute na seli zinagawanyika, habari ni nyingine. Hapo utando umebomoka bila yai kutoka. Estrojeni imeukuza muda mrefu, projesteroni haikuja, na utando umeshindwa kujishikilia. Hii ni sababu ya kawaida ya damu isiyo na mpangilio kwa wasichana walioanza hedhi karibuni na kwa kina mama wanaokaribia kukoma hedhi. Daktari anahitaji sana kuambiwa tofauti hiyo, kwa sababu matibabu yake ni tofauti.

Tuisome slaidi moja pamoja

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 31 anayechunguzwa kwa kutoshika mimba. Fomu inasema hedhi ya mwisho ilianza tarehe 2 Machi, na kinyama kimechukuliwa tarehe 27 Machi, yaani siku ya 26 ya mzunguko. Kipimo cha mimba kilifanyika kwanza na hakikuonyesha mimba. Hatua hiyo isirukwe, maana kinyama cha nusu ya pili kinaweza kuvuruga mimba changa ambayo mama mwenyewe haijui.

Kwa lensi ndogo tunaona vipande vitano. Viwili vina ngozi ya juu iliyoshikana na stroma, kimoja ni tabaka la chini, viwili ni damu na vijipande vilivyopondeka. Tunaviweka pembeni vitatu hivyo na kubaki na viwili vya kwanza. Tezi zimepinda kiasi. Tukipanda kwenye lensi kubwa, karibu tezi zote zina viputo chini ya viini, na viini viko kwenye mstari mmoja. Ute ndani ya tezi haupo. Seli zinazogawanyika ni chache mno. Stroma haina maji mengi, na mishipa haina desidua. Hii ni siku ya 3 baada ya yai kutoka.

Kijana aliyekariri mzunguko wa siku 28 atahesabu hivi: siku ya 26 ya mzunguko ni siku ya 12 baada ya yai kutoka, lakini utando unasema siku ya 3, basi utando umechelewa siku 9. Ataandika kwamba projesteroni ya mama huyu ni dhaifu, na mama ataanzishiwa dawa.

Sasa tumuulize mama swali ambalo fomu haikuuliza: mzunguko wako huchukua siku ngapi? Anajibu kwamba ni siku 34 au 35, tangu usichana wake. Basi tungoje hedhi inayofuata. Inaanza tarehe 6 Aprili. Mzunguko umekuwa wa siku 35. Nusu ya pili haibadiliki sana, ni siku 14 hivi, kwa hiyo tunahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 6 Aprili: yai lilitoka karibu na tarehe 23 Machi. Tarehe 27 Machi ilikuwa siku ya 4. Slaidi ilisema siku ya 3. Tofauti ni siku moja, na tofauti ya siku moja au mbili ni ya kawaida hata wasomaji wawili wazoefu wakisoma slaidi moja.

Utando wa mama huyu haukuchelewa hata kidogo. Kilichokosewa ni kuhesabia mbele kutoka hedhi iliyopita badala ya kuhesabia nyuma kutoka hedhi iliyokuja. Ripoti sahihi iseme: hatua ya ute, siku ya 3 hadi 4 baada ya yai kutoka; yai limetoka; hakuna dalili ya uvimbe sugu wala mabadiliko ya saratani. Na mwenye kusoma ripoti hiyo atatafuta sababu ya kutoshika mimba mahali pengine: mirija, mbegu za mume, na mengineyo.

Pale ambapo kalenda haisomeki

Dawa za uzazi wa mpango hubadilisha kila nilichokieleza. Kwa anayetumia sindano ya miezi mitatu au vijiti, projesteroni ya dawa huifanya stroma iwe desidua huku tezi zikinywea na kubaki ndogo, chache, zenye seli fupi. Tezi zinasema jambo moja na stroma inasema lingine. Ukikuta hali hiyo usihangaike kutaja siku. Tafuta neno "sindano" au "vijiti" kwenye fomu, na kama halipo mpigie simu aliyetuma. Polipu nayo haifuati kalenda, na hivyo hivyo utando wenye uvimbe sugu.

Kifua kikuu cha mji wa mimba, ambacho katika nchi zetu hatuwezi kukipuuza tunapochunguza ugumba, kinahitaji kalenda isomwe kwa namna nyingine. Vinundu vyake huchukua siku kadhaa kujijenga, na hedhi huvimwaga pamoja na tabaka la juu. Kinyama kilichochukuliwa mara tu baada ya hedhi kinaweza kuonekana safi kabisa ilhali ugonjwa upo. Anayeshuku kifua kikuu achukue kinyama siku chache kabla ya hedhi, na sehemu ya kinyama ipelekwe bila formalini kwa ajili ya kuotesha vijidudu, kwa sababu formalini huviua.

Mwisho, kuna mpaka ambao lazima tuukubali. Kwa miongo mingi madaktari walitaja siku ya utando ili kueleza ugumba. Mwaka 2004, utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha wanawake wenye uzazi na wasio na uzazi ulionyesha kwamba kipimo hiki hakiwatenganishi: utando "uliochelewa" ulipatikana pia kwa wanawake waliozaa bila shida. Tangu hapo hakishauriwi tena kama kipimo cha kawaida cha ugumba. Kujua kama yai limetoka, kipimo cha damu cha projesteroni, siku saba hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa, hutosha bila kumuumiza mama. Kazi iliyobaki kwa hadubini ni kueleza damu isiyo na mpangilio, kugundua maambukizi na saratani, na kuitambua hali ya kawaida ili mzima asiitwe mgonjwa.

Basi ombi langu kwa mnaotutumia vinyama ni la mistari minne tu kwenye fomu: tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, urefu wa kawaida wa mzunguko wa mama, dawa zote za homoni anazotumia au alizoacha karibuni, na sababu ya kuchukua kinyama. Nanyi vijana mlio kwenye hadubini, someni slaidi kwanza, fomu baadaye, kisha vilinganisheni. Vikigongana, msiandike ripoti kabla ya kumuuliza aliyemwona mama.